Ada ndogo si kipimo cha unafuu wa kutuma fedha nje ya nchi

Wafanyabiashara wa Kahama na Geita wanaoagiza vipuri vya karasha kutoka Nairobi hulipa gharama mbili kila wanapotuma fedha. Ya kwanza ni ada, ambayo huonekana kwenye risiti. Ya pili imo ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha, nayo haiandikwi popote kuwa ni gharama, ingawa mara nyingi ndiyo kubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kiwango cha wastani sokoni ni shilingi 20 za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya, na mtumaji ana shilingi 1,000,000. Kwa kiwango hicho, fedha zake zina thamani ya shilingi 50,000 za Kenya.

Huduma ya kwanza inatoza ada ya shilingi 10,000, lakini inauza shilingi ya Kenya kwa 20.80. Mpokeaji atapata 47,596. Huduma ya pili inatoza ada ya shilingi 25,000 na kuuza kwa 20.20. Mpokeaji atapata 48,267. Gharama halisi ya huduma ya kwanza ni takriban shilingi 48,000 za Tanzania, sawa na asilimia 4.8, ilhali ya pili ni takriban 34,700, sawa na asilimia 3.5. Huduma iliyoonekana nafuu ndiyo ghali.

Hata hivyo, matokeo hubadilika kulingana na kiasi kinachotumwa. Ada katika mfano huu haibadiliki, bali hasara ya kiwango hukua pamoja na fedha. Kwa shilingi 100,000, huduma ya kwanza inafikisha 4,327 na ya pili 3,713 tu. Huduma hizo mbili hulingana kwa shilingi 530,000, ambapo kila moja inafikisha 25,000 za Kenya. Chini ya hapo ya kwanza ni nafuu. Juu yake, ya pili.

Ni kwa sababu hiyo lengo la Umoja wa Mataifa la kushusha gharama ya fedha zinazotumwa na wahamiaji hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030 hupimwa kwa kujumlisha ada na tofauti ya kiwango.

Mwananchi anaweza kujipimia mwenyewe. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango vya fedha za kigeni katika tovuti yake. Kabla ya kuthibitisha muamala, aulize kila huduma, katika muda uleule, mpokeaji atapata kiasi gani mkononi baada ya makato yote, yakiwemo ya kutoa fedha kwa wakala wa upande wa pili. Tangazo la kutuma "bila ada" lipimwe kwa swali hilohilo.