Chupa Tisa za Dawa

Mwanafunzi wa somo la maadili ametuuliza falsafa ya manufaa, aliyoieleza Jeremy Bentham mwaka 1789 na kutetewa baadaye na John Stuart Mill, inadai nini hasa. Tumjibu kwa kisa cha kubuni.

Hospitali ya wilaya imebakiwa na chupa tisa za artesuneti ya sindano, kila moja miligramu 60. Wameletwa wagonjwa wanne wa malaria kali: baba wa kilo 60, na watoto watatu wa kilo 15 kila mmoja. Baba ahitaji chupa tatu kwa kila dozi, mtoto chupa moja, na kila mgonjwa hupewa dozi tatu ndani ya saa 24. Basi chupa tisa zatosha baba peke yake, au watoto wote watatu.

Wengi hudhani falsafa hii huhesabu vichwa tu. Sivyo. Huuliza kila chupa italeta tofauti kubwa zaidi wapi. Ikiwa ipo kwinini ya kuwatosha watoto, nayo yakaribia kuwafaa sawasawa, huenda chupa zote zikaenda kwa baba. Ikiwa baba analisha watu saba, dhiki yao nayo huingia katika hesabu. Lakini cheo chake hakimwongezei kitu. Na kwamba alitangulia kufika, peke yake, si hoja.

Sasa hesabu inakuwa ngumu. Tuseme baba alikwisha kupewa dozi ya kwanza, ndipo watoto wakaletwa usiku wa manane. Chupa sita zilizobaki zaweza kuponya watoto wawili. Je, aachwe katikati ya matibabu? Kwa Bentham, kumnyima na kumwondolea ni mamoja, maadamu matokeo ni mamoja. Baadhi ya wafuasi wa falsafa hiyo wamejitetea kwamba tupime kanuni, si tendo moja moja: wagonjwa wakijua dawa yaweza kukatizwa, wataikimbia hospitali, na madhara yatawazidi wawili hao. Ni jibu zuri, ila bado linamlinda baba kwa ajili ya wengine, si kwa haki yake mwenyewe.

Imamu Ghazali, katika Al-Mustasfa, alitaja watu walio chomboni kinachozama, ambao wangeokoka lau mmoja wao angetoswa. Hakuruhusu atoswe, kwa kuwa maslaha ya kundi lile si maslaha ya umma mzima. Mwanafunzi asikitumie kisa hiki kwa pupa: kutosa ni kuua, ilhali daktari anagawa kisichotosha. Kabla ya sindano ya kwanza, naona daktari ana haki ya kuwachagua watoto. Baada yake, baba ameahidiwa dawa, na ahadi hiyo haimo katika mizani ya Bentham ila kwa matokeo yake.