Kiganja Kinapovuruga Beti

Mwanafunzi anayenakili utenzi kwa kipakatalishi huweza kuona kishale kimeruka, na mshororo wa ubeti wa kumi ukaangukia ubeti wa nne. Wengi hulaumu virusi. Aghalabu mkosaji ni kiganja: kikigusa kibao cha kipanya, mguso huo huhesabiwa kuwa mbofyo. Ithibati ni rahisi: kibao kizimwe, kitumike kipanya cha waya, mruko ukikoma, chanzo kimejulikana.

Katika Windows 11, ifunguliwe Settings > Bluetooth & devices > Touchpad; chini ya Touchpad sensitivity ichaguliwe Low sensitivity. Marekebisho haya yafaa kutangulia uchapaji. Kikagua-tahajia hakiwezi kuunasa mshororo ulioendelezwa sawasawa lakini ukapotea mahali pake.