Mama wa soko naye azeeke akiwa na chake

Mama anayeuza unga sokoni Lubumbashi anajua kuweka akiba. Kila siku anatoa sehemu yake ya likelemba, na zamu yake ikifika anapokea feza zote mara moja. Lakini feza hizo zinalipa shule na kuongeza mali ya biashara. Akifikisha miaka 60 na nguvu zikiisha, anabaki kungojea mkono wa watoto.

Kwa mfanyakazi wa kampuni ni tofauti. Kila mwezi CNSS inapokea asilimia 10 ya mshahara wake kwa ajili ya pensheni: 5 inatoka kwake, 5 kwa mwajiri. Mama wa soko hana mwajiri wala mshahara. Nani atamlipia hiyo 5 ya pili?

Inchini Kenya, mfuko wa NSSF ulitafuta njia. Katika mpango wa Haba Haba, mtu analipa kwa simu shilingi 25 kwa siku. Asiporuka hata siku moja, kwa mwaka anafikisha shilingi 9,125. Baada ya miaka 5 anaweza kutoa nusu. Nusu nyingine inamngojea uzeeni. Ruhusa hiyo inamtuliza anayeogopa kufunga feza zake, kisha mtoto augue.

CNSS ianzie hapo: malipo madogo kwa simu, na ujumbe wa kumwonyesha salio kila mara. Tena akiba ihesabiwe kwa dola, kwani franka ya leo haitanunua kitu kile kile miaka 20 ijayo. Bila hilo, mama atarudi kwenye likelemba, na atakuwa na haki.