Kiondo Kionekane Kilivyo
Simu inayorekodi video ya kuuza kiondo cha katani ikisogezwa karibu nacho mno, lenzi yake pana hukuza kilicho mbele: mdomo unatanuka, kitako kinasinyaa, na mnunuzi aliye mbali anadhani anapata kikapu cha sokoni kumbe ni mkoba wa kutia simu na pochi. Dawa ni kurudi nyuma kama mita 2, kukuza picha mara 2, kisha kuweka kando yake pakiti ya unga ya kilo 2, kitu ambacho karibu kila mtu amewahi kukishika. Msuko nao hutegemea mwanga. Taa ikitokea upande wa simu, nyuzi zote hulala bapa kama karatasi. Kiondo kikiwekwa karibu na dirisha, mwanga ukakipiga ubavuni, kila mstari wa msuko hutupa kivuli chake kidogo, na ukavu wa katani huonekana hata kabla mtu hajaugusa. Mpigaji abonyeze skrini na kushikilia hadi simu ifunge kipimo cha mwanga, la sivyo picha itang'aa na kufifia kila mkono unapopita. Sehemu muhimu kuliko zote, ambayo wauzaji wengi huiruka, ni matumizi: unga, vitunguu na chupa ya mafuta vitiwe ndani, kiondo kitundikwe begani, mtu atembee nacho, yote bila kukatiza video. Kamba ya ngozi ikivutika au kitako kikibonyea, video iache hivyo hivyo, kwa sababu mnunuzi ataliona jambo hilo siku ya kwanza atakayokwenda nacho sokoni.