Jengo langu, ardhi yako

Katika mitaa ya Majengo, Mombasa, zipo nyumba zenye wenyewe wawili. Kuta, paa na vyumba ni vya aliyejenga, au vya warithi wake. Kiwanja kilicho chini ni cha mtu mwingine, na mtu huyo hulipwa kodi ya kiwanja. Watu wa pwani huziita nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba anaweza kuiuza, kuipangisha na kuirithisha, na mahakama za Kenya zimewahi kuutambua utaratibu huu kuwa mila halali ya pwani. Asili yake ni katika fikra za sheria ya Kiislamu, ambayo huruhusu jengo na ardhi kuwa mali mbili.

Sheria iliyoletwa na Waingereza husema kinyume: kilichopandwa au kujengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi. Ndiyo maana hati ya kukodi kiwanja kwa miaka 33, 50 au 99 kwa kawaida huwa na mwisho mmoja. Miaka ikiisha, kiwanja hurudi kwa mwenyewe, na jengo hurudi nacho, mara nyingi bila mpangaji kulipwa hata shilingi.

Nimezitazama njia hizi mbili kwa muda mrefu, na naona kila moja imeshika nusu ya kinachohitajika. Nyumba bila ardhi humpa mjenzi umiliki wa jengo, lakini humnyima muda. Hana mkataba wa miaka; mwenye ardhi akiuza kiwanja, yeye hubaki akingoja notisi. Hati ya kukodi humpa muda unaoandikwa na kusajiliwa, kisha humnyang'anya jengo mwishoni. Benki hutaka vyote viwili, umiliki na muda, ndiyo maana wajenzi wengi wa namna zote mbili hutoka benki mikono mitupu.

Kwa nyumba bila ardhi, sababu ni nyepesi kueleza. Rehani husajiliwa juu ya hati, na hapa mkopaji hana hati ya ardhi ya kuweka. Tena, wenye viwanja wengi hawaruhusu kujenga kwa mawe na saruji, kwa hofu kwamba jengo la kudumu litakuwa gumu kuondolewa. Hivyo mjenzi hujenga kwa akiba, chumba baada ya chumba, na mara nyingi kwa vifaa vya muda, hata kama angeweza kulipa mkopo wa nyumba imara.

Kwa hati ya kukodi, tatizo hujificha hadi baadaye. Tuchukue mfano. Mtu anakodi kiwanja kwa miaka 33, anajenga ghorofa la shilingi milioni 20 za Kenya, na baada ya kodi ya kiwanja na gharama zote anabaki na shilingi 300,000 kwa mwezi. Tuseme anayetaka kununua haki yake anataka faida ya asilimia 14 kwa mwaka. Ikiwa imebaki miaka 25, mnunuzi huyo anaweza kutoa takriban milioni 24.7. Ikibaki miaka 8, atatoa milioni 16.7. Ikibaki miaka 3, milioni 8.4. Vyumba ni vilevile na wapangaji ni walewale, lakini dhamana ya benki inayeyuka.

Kuyeyuka huko huanza kuonekana kwenye paa. Tuseme kukarabati paa na mabomba kunagharimu milioni 1.5, na kunaongeza mapato kwa shilingi 300,000 kwa mwaka. Kwa kiwango kilekile cha asilimia 14, ukarabati huo una thamani ya milioni 1.84 ikiwa imebaki miaka 15, kwa hiyo mjenzi ataufanya. Ikiwa imebaki miaka 5, thamani yake ni takriban milioni moja tu, naye ataliacha paa livuje. Atakayerithi uvujaji huo ni mwenye ardhi, yuleyule aliyesisitiza kwamba jengo lirudi kwake bure. Ukitaka kujua hati imekaribia mwisho, huna haja ya kwenda kwa msajili; tazama rangi ya kuta na ngazi zisizotengenezwa.

Lipo jambo jingine linalowatisha maofisa wa mikopo kuliko kuisha kwa miaka. Hati ya kukodi inaweza kuvunjwa kabla ya wakati, kwa mfano kodi ya kiwanja isipolipwa. Ikivunjwa, haki iliyowekwa rehani hutoweka, na benki hubaki na deni lisilo na dhamana. Dawa yake ni kifungu kifupi: mwenye ardhi aahidi kuiarifu benki kabla ya kuvunja mkataba, na kuipa nafasi ya kulipa kodi iliyochelewa. Mjenzi naye ahakikishe, kabla ya kutia saini, kwamba kiwanja chenyewe hakijawekwa rehani tayari; kikiwa nacho kina mdai, mdai huyo ametangulia.

Wenye ardhi wana hoja yao, na ni ya haki. Familia iliyorithi kiwanja na haina fedha za kujenga hukubali kodi ndogo kwa miaka mingi kwa sababu inajua wajukuu watapata jengo. Jengo ni kodi iliyocheleweshwa. Ukiwaambia walipe thamani yake yote mwishoni, huenda wasiwe na fedha hizo, na kiwanja kikaishia kwa mpangaji kama kwamba kiliuzwa.

Nchi moja ililishughulikia fundo hili mapema. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1919 iliruhusu haki ya kujenga juu ya ardhi ya mwingine iwe mali inayojitegemea, yenye ukurasa wake katika daftari la ardhi, na inayoweza kuwekwa rehani. Muda ukiisha, mwenye ardhi hulipa fidia ya jengo, kwa kiwango ambacho mkataba unaweza kupanga. Kwa makazi ya watu wa kipato kidogo, isipungue theluthi mbili ya thamani. Asiyetaka kulipa anaweza kumwongezea mjenzi muda kwa kadiri jengo linavyotarajiwa kudumu. Mjenzi akikataa nyongeza hiyo, anapoteza fidia.

Huo ndio mpango ninaoutetea kwa pwani yetu, na sehemu yake ya kwanza tunayo tayari katika mila: jengo lina mwenyewe. Kinachokosekana ni daftari na muda. Kenya ilipotunga Sheria ya Ardhi ya 2012, kwa ardhi ya umma iliweka kwamba raia aliyekuwa na hati iliyoisha apewe nafasi ya kwanza ya kugawiwa ardhi hiyo, mradi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Familia mbili zinazokodishana kiwanja binafsi zinategemea walichoandika wenyewe.

Kwa hiyo waandike. Mazungumzo ya kuongeza muda yaanze mwaka wa kumi kabla ya mwisho, wakati benki bado inaweza kukopesha kwa ajili ya ukarabati. Mthamini ateuliwe na pande zote mbili. Fidia iwe sehemu ya thamani, tuseme nusu, na ilipwe tu ikiwa jengo limetunzwa; hapo mjenzi ana sababu ya kuziba paa hata mwaka wa 30. Mwenye ardhi asiye na fedha aongeze miaka, kwa kodi mpya inayolingana na bei ya viwanja vya wakati huo. Na kule Majengo, ambako hakuna mwaka wa mwisho uliowahi kutajwa, hatua ya kwanza ni kuutaja, kuuandika pamoja na jina la mwenye jengo, na kuupeleka kwa msajili kabla kiwanja hakijapata mnunuzi.