Kona ya Kingereza: Mutoto mwenye "hasikii" ni yupi?

Juma hili tunashika maneno matano yenye kusumbua wengi wetu wenye kuvuka mupaka kwenda Arua kwa njia ya Aru, ao Paidha kwa njia ya Mahagi: "hear", "listen", "see", "look" na "watch".

Tuanze na fasi yenye kosa linaweza kuleta hasara. Katika Kiswahili chetu, "Mutoto wangu hasikii" iko na maana mbili: masikio yake ni mabaya, ao ni mukaidi. Kingereza kinatenganisha hizo mbili. "Hear" ni sauti kuingia katika sikio, hata kama haukuitafuta. "Listen" ni wewe mwenyewe kutega sikio.

Tuseme mama wa Aru anapeleka mutoto wa miaka 4 hospitali ya Arua. Sikio limetoa usaha kwa majuma mawili, na mutoto hageuke wakati anaitwa kutoka nyuma. Munganga anasema Kingereza tu. Mama anasema: "My child does not listen." Munganga anaelewa kwamba mutoto hatii, na anaweza kuanza kuuliza juu ya tabia ya nyumbani, badala ya kuangalia ndani ya sikio. Mama alipaswa kusema: "My child cannot hear well. There is pus in his ear." Neno moja limegeuza ugonjwa kuwa utundu.

Kwa macho ni vilevile. "He does not look at the blackboard" maana yake mutoto hageuze macho kwenye tablo, anacheza. "He cannot see the blackboard" maana yake macho hayafike kule, labda anahitaji kupimwa. Mwalimu wa kwanza atamuonya mutoto, mwalimu wa pili atamuleta mbele.

Namna ya kuchagua: jiulize, "Nilifanya kwa kusudi?" Kama kitu kilikuja chenyewe, sema "hear" ao "see". Kama ulitega sikio, sema "listen". Kama ulielekeza macho, sema "look" ao "watch". Ndiyo maana unaweza kusema: "I looked, but I did not see him." Nilitazama, lakini sikumuona.

Sasa, "look" na "watch" zote sisi tunasema tu "kutazama" ao "kuangalia". "Look" ni kutupa macho kwenye kitu, mara nyingi kitu chenye kimesimama: picha, kitambaa, bei. "Watch" ni kufuata kitu chenye kinaenda ao kinabadilika, kwa muda: mupira, televizyo, chungu kwenye moto. Unaweza pia kusema "Watch the baby": angalia mutoto asianguke. Lakini kwa filme, "see a film" na "watch a film" zote ni sawa.

Kifaransa pia kinatutega hapa. Sisi wenye tulisoma "écouter la radio" na "regarder la photo" tunaacha neno dogo la katikati. Kingereza hakiruhusu. Ni "listen to" na "look at". "Watch" yenyewe haiombi kitu. Basi: "I listen to Radio Candip", "Look at this cloth", "We watch television".

Jambo la mwisho: sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, hata tunasikia Kingereza. "Hear" haibebe hayo yote. Baridi ni "I feel cold", njaa ni "I am hungry", harufu ya moshi ni "I smell smoke". Na kama unaelewa luga, sema "I understand English". Kwenye telefone, usiseme "I am not hearing you", lakini "I cannot hear you".

Zoezi la juma. Sahihisha sentensi hizi mbele ya kusoma majibu:

1. Listen me, please.
2. I hear hunger.
3. The children are looking television.
4. I watched my friend at the market by chance.
5. Look the price.

Majibu:

1. Listen to me, please.
2. I am hungry.
3. The children are watching television.
4. I saw my friend at the market by chance. (Mulikutana tu, haukumufuata kwa macho.)
5. Look at the price.

Kama ya nne ilikushinda, rudia ulizo letu: ilikuwa kwa kusudi, ao ilikuja yenyewe?