Mama, akaunti hizi ni zako

Na Neema Kilewo

Wiki hii nakabidhi mfumo wa mauzo niliomtengenezea mama mmoja mwenye duka la vitenge. Kwa ruhusa yake nauweka hapa ujumbe niliomwandikia, maana wenye biashara wengi wameachwa njia panda na mafundi wao.

Shikamoo, mama. Kabla ya kusaini makabidhiano, hakikisha domeni, akaunti ya seva na hazina ya msimbo viko kwa jina lako.

Tuanze na domeni. Mafundi wengi huisajili kwa barua pepe zao ili kazi iende haraka. Matokeo yake, taarifa za kulipia kila mwaka humjia fundi. Akihama au akizipuuza, muda unaisha, tovuti inazimika na barua pepe zote za ofisi zinazotumia domeni hiyo zinakatika. Mwambie kijana wako aandike hivi kwenye kompyuta, akiweka jina la duka:

```
whois jinalako.co.tz
```

Atazame `registrant`, yaani aliyesajiliwa kama mmiliki, na `expire`, siku ya mwisho. Akikuta jina langu, nidai nilibadilishe.

Akaunti ya seva nimeifungua kwa barua pepe ya duka na inalipiwa kwa kadi yako. Mimi nimo kama mtumiaji uliyemkaribisha. Usiridhike na kupewa nenosiri tu: mwenye barua pepe ya kurejesha akaunti na simu inayopokea namba za uthibitisho anaweza kulibadilisha usiku wowote. Weka laini ya ofisi, si yangu wala ya mhasibu.

Msimbo uko GitHub, kwenye akaunti yangu. Ukishafungua yako, nitaingia Settings, nishuke hadi Danger Zone, nibonyeze Transfer na kuandika jina la akaunti yako. Utapokea barua pepe ya kukubali. Ikubali siku hiyohiyo, kwani mwaliko huisha baada ya siku moja. Historia yote ya mabadiliko itahamia kwako, nami nitabaki mshiriki hadi utakaponiondoa. Ndiyo maana sikutumii faili la zip: fundi mwingine akilipokea hataona kilichobadilishwa lini wala kwa nini.

Vijisehemu nilivyoviandika kabla ya kazi yako, ninavyovitumia kwa wateja wote, vinabaki vyangu. Wewe unaruhusiwa kuvitumia bila kikomo, na mkataba wetu unasema hivyo.

Wapo wenzangu wanaoshikilia akaunti ili walipwe. Nalielewa deni lao, lakini njia hiyo siikubali: inamfungia mteja biashara yake, wakati dawa ya deni ni kulipana kwa awamu tangu mwanzo.

Basi mama, usinilipe awamu ya mwisho kabla hujaingia mwenyewe, kwa simu yako, kwenye akaunti zote tatu.